Bei ya Saa ya Mfasiri: Anza na Siku Zisizo na Kazi

Mfasiri wa kujitegemea akiulizwa anataka kupata kiasi gani kwa mwezi, jibu analo. Akiulizwa saa yake moja anaiuza bei gani, wengi hufanya hesabu ya haraka: mwezi una siku 22 za kazi, siku ina saa nane, jumla saa 176. Anayetaka shilingi 1,500,000 anagawa kwa 176 na kupata shilingi 8,523. Anaona bei nzuri, tena inampendeza mteja, anaanza nayo.

Mwisho wa mwaka anashangaa. Kazi zilikuja, usiku alikesha, lakini kila mwezi kilichobaki mkononi kimezunguka kwenye shilingi 340,000. Hakuibiwa na mtu. Ile hesabu ya haraka imechukua mgawanyo wa mshahara na kuupachika kwa mtu asiye na mshahara. Mwajiriwa analipwa hata saa anayomsubiri bosi asaini karatasi, analipwa sikukuu na likizo, na kompyuta anayotumia si yake. Mfasiri wa kujitegemea analipwa saa aliyofasiri tu, na katika saa hiyo moja lazima zibebwe saa nyingine zote ambazo hakuna anayezilipia.

Tuifanye hesabu upya kwa mfano wa mfasiri mmoja wa Dar es Salaam anayefasiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Anafanyia kazi nyumbani, wateja wake ni mchanganyiko wa mashirika, mawakala wa tafsiri wa nje na watu binafsi wenye vyeti na mikataba. Anataka shilingi 1,500,000 za kutumia kila mwezi: kodi ya nyumba, chakula, ada, bima ya afya na akiba ya uzeeni zote zitoke humo. Tarakimu za matumizi yake ni za mfano, na msomaji ataweka zake. Viwango vya kodi ya mapato ni vya Tanzania Bara kwa mtu binafsi mkazi.

Kwanza juu ya mstari: kiasi kinachotakiwa kuingia

Shilingi 1,500,000 ni ya kutumia, si ya kuandika kwenye ankara. Kabla haijafika mfukoni kuna gharama za kazi na kuna kodi.

Gharama za mfasiri huyu ni shilingi 250,000 kwa mwezi. Intaneti ni 70,000. Umeme wa sehemu ya kazi, 25,000. Simu na nauli za kupeleka nakala zenye mhuri, 35,000. Makato ya benki na ya kupokea fedha kutoka nje, 30,000. Programu ya kumbukumbu za tafsiri, 40,000. Zilizobaki 50,000 ni kompyuta: aliinunua 1,800,000 na anatarajia itamfikisha miezi 36, kwa hiyo kila mwezi anaitengea 50,000 hata kama hakuna anayemdai. Hili la mwisho ndilo husahaulika zaidi, kwa sababu kompyuta iliyokwisha kulipiwa huonekana kama haina gharama hadi siku skrini inapozima.

Kodi inahitaji uangalifu kidogo. Kwa mwezi, shilingi 270,000 za kwanza za faida hazitozwi. Kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, hadi 760,000 asilimia 20, hadi 1,000,000 asilimia 25, na zaidi ya milioni moja asilimia 30. Mtu mwenye faida ya milioni moja kamili analipa 128,000. Sasa, kosa la kawaida ni kukokotoa kodi ya shilingi 1,500,000 na kuijumlisha juu. Haitoshi, maana kile ulichojumlisha nacho kinatozwa. Inabidi kurudi nyuma: faida gani, ikishakatwa kodi, itabakiza 1,500,000? Kwa anayepita milioni moja njia ni fupi. Toa 172,000 kwenye kiasi unachotaka kibaki, kisha gawa kwa 0.7. Yaani 1,328,000 gawa kwa 0.7, unapata 1,897,143. Kodi yake ni 397,143, na ukiitoa zinabaki 1,500,000 sawasawa.

Ongeza gharama 250,000. Kinachotakiwa kuingia kwa mwezi, kwa wastani wa mwaka mzima, ni shilingi 2,147,143.

Neno dogo kuhusu kodi ya zuio. Shirika au kampuni ya hapa nchini ikikulipa huduma, kwa kawaida hukata asilimia 5 na kuipeleka TRA kwa jina lako. Wapo wanaoihesabu kama hasara na kuipandisha kwenye bei. Si hasara, ni sehemu ya ile 397,143 iliyotangulia kulipwa, ilimradi uidai hati yake na kuiingiza kwenye ritani ya mwaka. Usipoidai hati, hapo ndipo inakuwa hasara kweli.

Kisha chini ya mstari: saa zinazolipwa

Hapa ndipo bei inapoamuliwa, na hapa ndipo watu wengi hukisia.

Hesabu ianzie kwenye mwaka, si mwezi, kwa sababu mwezi mmoja unadanganya. Mwaka una siku 365. Toa Jumamosi na Jumapili 104, zinabaki 261. Sikukuu za taifa na za dini zinazoangukia siku za kazi, weka 12. Mapumziko ya wiki tatu, 15. Kuumwa, kuuguza, misiba na shughuli za ukoo ambazo huwezi kukosa, weka 9, na kama u mtu wa ukoo mkubwa weka zaidi. Zinabaki siku 225 ambazo uko mezani na uko tayari kufanya kazi.

Kuwa tayari hakuleti kazi. Kuna siku kavu: kompyuta imewashwa, barua pepe imefunguliwa, hakuna kilichoingia. Januari huwa hivyo kwa wengi, bajeti za mashirika mengi zikiwa bado hazijafunguka. Kisha Juni, mwaka wa fedha wa serikali unapoelekea kufungwa, kazi tatu zinagongana kwa wiki moja na unalazimika kukataa mbili. Kazi iliyokataliwa Juni hairudi kuziba Januari. Mfasiri wetu alipopitia ankara zake za mwaka uliopita aliona kwamba karibu robo ya siku zake zilikuwa kavu. Robo ya 225 ni 56 na ushee, weka 57. Zinabaki siku 168 kwa mwaka, sawa na siku 14 kwa mwezi.

Si 22. Ni 14.

Sasa ndani ya siku hizo 14, saa ngapi zinalipwa? Chukua kazi moja inavyoingia. Mteja anatuma kwa WhatsApp picha ya hati ya kiwanja, kurasa nne, moja imepigwa kwa pembeni na kidole kimefunika namba. Unaomba nyingine. Unaisoma kuona ugumu wake ili utoe bei. Anauliza kama inaweza kupungua. Mnakubaliana, unaanza kuchapa upya majedwali na mihuri, maana picha haifunguki kwenye programu yoyote, na nusu saa imekwisha kabla ya neno la kwanza kufasiriwa. Ukimaliza unatuma, anataka jina la mama lisahihishwe lifanane na pasipoti, unatuma tena, unaandika ankara, na wiki mbili baadaye unaanza kukumbushia. Ikiwa tafsiri inatakiwa kuthibitishwa na BAKITA, ongeza na safari. Kati ya yote hayo mteja anaona tafsiri tu.

Saa za kufasiri, kusoma tena na kusahihisha ndizo zinazolipwa. Zilizobaki ni za kwako. Katika siku ya saa nane mfasiri wetu anapata saa tano za kulipwa. Zidisha kwa siku 14, unapata saa 70 kwa mwezi, mahali pa zile 176 za mwanzo.

Bei yake sasa:

```
bei ya saa = (lengo + kodi + gharama) / (siku zenye kazi x saa za kulipwa)
           = (1,500,000 + 397,143 + 250,000) / (14 x 5)
           = 2,147,143 / 70
           = 30,673
```

Shilingi 31,000 kwa saa, baada ya kusawazisha. Ni zaidi ya mara tatu na nusu ya ile 8,523. Na sasa ile 340,000 inaeleweka ilikotoka: saa 70 kwa 8,523 ni kama 597,000, toa gharama 250,000, toa kodi kidogo, ndiyo hiyo.

Watu wakishaelewa kwamba sehemu ya muda hailipwi, mara nyingi hujaribu kuiziba kwa kujumlisha asilimia. Wanasema, “nikipoteza asilimia 40 ya saa zangu, naongeza asilimia 40 kwenye bei.” Haizibi. Aliyebakiwa na asilimia 60 ya saa lazima agawe kwa 0.6, na bei inapanda karibu asilimia 67. Kadiri unavyopoteza saa nyingi ndivyo tofauti kati ya kujumlisha na kugawa inavyokuwa kubwa. Ukipoteza nusu, bei inapaswa kuwa maradufu.

Wapi bei inaguswa na wapi haiguswi

Faida ya kuandika hesabu yote ni kwamba unaweza kuijaribu. Tuseme mfasiri anahamia intaneti ya bei nafuu na kuacha programu ya kulipia, akaokoa 50,000 kwa mwezi. Bei yake ya saa inashuka kwa shilingi 714 tu. Lakini siku zenye kazi zikipungua kutoka 14 hadi 12, saa zinakuwa 60 na bei inapaswa kuwa 35,786, yaani zaidi ya elfu tano juu. Siku mbili za ukame kwa mwezi zina uzito kuliko bili zote za intaneti. Kwa maoni yangu, mfasiri anayetumia asubuhi nzima kutafuta kifurushi rahisi anachunga kuku huku ng’ombe wanatoka zizini.

Kuna sehemu nyingine yenye mafuta zaidi. Saa zisizolipwa na siku kavu zimehesabiwa kama hasara mbili tofauti, lakini si lazima zibaki tofauti. Siku kavu haina kazi ya kulipwa, ila ina saa nane. Ankara, kukumbushia madeni, kuandikia wateja wapya, kufanya majaribio ya mawakala, kupanga faharasa ya istilahi, hivyo vyote vinaweza kusubiri siku hiyo. Ukivihamishia huko, siku yenye kazi inaweza kutoa saa sita za kulipwa badala ya tano. Saa sita kwa siku 14 ni saa 84, na bei inayotakiwa inashuka hadi 25,561. Lengo ni lile lile, siku ni zile zile, na umepata nafasi ya elfu tano ya kushindana sokoni. Mipaka ipo: mteja anayeuliza bei hawezi kungoja siku yako kavu, na saa ya sita ya kufasiri mkataba huwa na makosa ambayo saa ya pili haikuwa nayo. Anayesema anatoa saa nane za kulipwa kila siku, mwulize anasahihisha saa ngapi.

Ili hesabu hii iwe yako lazima saa zako uzijue, na kumbukumbu ya kichwani haifai kwa hilo. Kila mtu hujikumbuka akiwa mchapakazi. Chukua daftari lenye safu mbili, ya kulipwa na isiyolipwa, andika kila unapobadilisha shughuli kwa wiki nne. Kwa siku kavu wiki nne hazitoshi kwa sababu ya misimu niliyotaja. Huko rudi kwenye ankara za miezi 12 na uangalie siku ambazo hakuna kazi iliyokuwa mezani. Anayeanza, asiye na mwaka wa kurudi nyuma, ni salama zaidi akichukua nusu ya siku zake kuwa kavu kuliko robo.

Kuigeuza saa kuwa neno na ukurasa

Wateja wachache sana hununua saa. Wakala wa nje anataka bei ya neno, mtu wa cheti anataka bei ya ukurasa. Bei ya saa inabaki kuwa kipimo chako cha ndani, na kiungo kati ya viwili ni kasi.

Mfasiri wetu, akijumlisha kufasiri na kusoma tena, anakamilisha maneno 350 ya Kiingereza kwa saa katika matini ya kawaida. Shilingi 31,000 gawa kwa 350 ni kama 89, anaweka 90 kwa neno. Ukurasa wa maneno 250 unakuwa 22,500. Lakini kasi hiyo si ya kila kitu. Kipeperushi cha afya ya jamii anaweza kufika 450. Mkataba wa mkopo wenye vifungu ndani ya vifungu anashuka hadi 220, na hapo neno linapaswa kuwa zaidi ya 140. Mwenye bei moja ya neno kwa matini zote anajikuta anafanya mikataba kwa bei ya vipeperushi.

Kubaliana pia ni maneno ya upande gani yanayohesabiwa. Kiswahili huunganisha nafsi, wakati na kitendo katika neno moja, kwa hiyo tafsiri ya Kiswahili huwa na maneno machache kuliko Kiingereza chake. Anayefasiri kwenda Kiswahili na kulipwa kwa maneno ya tafsiri anakatwa bila kukatwa. Dai hesabu ya matini chanzi. Ina faida nyingine pia, kwamba bei inajulikana kabla ya kazi kuanza.

Mawakala wanaotumia programu za kumbukumbu za tafsiri wana punguzo lao. Sentensi iliyowahi kufasiriwa, au inayofanana na ya zamani, hulipwa sehemu tu ya bei. Kazi ya maneno 3,000 inaweza kuletwa kama maneno 2,100 ya kulipwa. Usigombane na asilimia zao kwanza, pima saa. Kwa 90 kwa neno kazi hiyo inalipa 189,000. Ikiwa sentensi za zamani zilikuwa safi na umeimaliza kwa saa sita, umepata 31,500 kwa saa na punguzo halikukuumiza. Ikiwa zilikuwa mbovu, umezisahihisha moja moja na kumaliza kwa saa saba na nusu, umepata 25,200, na mara ijayo wakala huyo anapaswa kusikia bei nyingine.

Kazi ndogo ndizo hatari zaidi kwa sababu hazionekani hatari. Tangazo la maneno 120 kwa bei ya neno ni 10,800. Kulifasiri ni dakika 20, lakini ujumbe, ankara na kukumbushia malipo vinaifanya kuwa saa nzima. Dawa yake ni bei ya chini kabisa, isiyopungua thamani ya saa moja, hapa 31,000, iliyoandikwa wazi mahali mteja anaiona kabla ya kutuma kazi.

Soko likikataa

Itatokea mteja atoe 24,000 kwa saa, au sawa na hiyo kwa neno. Kuipokea si dhambi, ila ijulikane inalipiwa na nani. Ukijaza nusu ya saa zako 70 kwa bei hiyo, saa 35 zinaleta 840,000. Zilizobaki 35 lazima zilete 1,307,143, sawa na 37,347 kwa saa. Kama huna wateja wa kulipa hivyo, punguzo hilo unamlipia mteja wewe mwenyewe kutoka kwenye ile 1,500,000.

Siku kavu hesabu ni tofauti kidogo. Saa ambayo ingekwenda bure ikiuzwa 24,000 inaleta 24,000. Sharti lake ni kwamba kazi iwe fupi, ikabidhiwe ndani ya ukame ule ule. Kazi ya bei ya chini ya wiki tatu iliyoanza Januari ndiyo inayokufanya ukatae ya bei kamili mwezi Februari. Na punguzo la Januari liandikwe kwenye ankara kama punguzo, bei kamili ikionekana juu yake, la sivyo mteja ataiona 24,000 kuwa ndiyo bei yako.

Kumbuka pia kwamba 2,147,143 ni wastani. Mwezi wa siku 20 za kazi utaingiza 3,100,000 kwa 31,000 kwa saa, na mwezi wa siku nane utaingiza 1,240,000. Ziada ya mwezi mnono, karibu 950,000, ni ya miezi iliyokonda na ya TRA, ambao hudai kodi ya makadirio kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Akaunti ya pili, ambayo malipo yote huingia kwanza na wewe ukajitolea 1,500,000 kila mwezi, inatosha kwa kazi hiyo.

Hesabu irudiwe Januari, ankara za mwaka mzima zikiwa zimekamilika, kwa sababu ndipo idadi mpya ya siku kavu inapojulikana. Irudiwe pia Julai ikiwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, inayoanza kutumika tarehe 1 ya mwezi huo, imegusa viwango vya kodi. Hapo ni 397,143 tu ya kubadilisha, kisha kugawa tena kwa 70.